Kilo Tano za Mzee: Madai Kuhusu Kukonda Ambayo Kadi ya Kliniki Inayakanusha

Kanuni yenyewe ni fupi. Mtu mzima aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake wa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 12, bila kukusudia, anapaswa kutafutiwa sababu. Hesabu yake inafanyika kwa simu yoyote: chukua uzito wa zamani, toa uzito wa leo, tofauti igawanye kwa uzito wa zamani, kisha zidisha kwa 100. Kinachoshangaza ni wingi wa hoja zinazotolewa, nyumbani na hata ndani ya vyumba vya daktari, ili hesabu hiyo isifanyike. Nitazichukua hoja hizo moja baada ya nyingine, na nitaongozwa na kadi moja ya mfano niliyoitunga kwa namba za kawaida kabisa.

Kadi ni ya mzee wa miaka 66, mwenye urefu wa mita 1.68, anayehudhuria kliniki ya presha kila baada ya miezi mitatu. Januari alipimwa kilo 71. Aprili mizani ilisoma 69.5, Julai 67.8, na Oktoba 66. Presha yake imetulia mwaka mzima, dawa hazikubadilishwa, na kila alipokuja aliondoka na tarehe ya kurudi.

"Kilo mbili si kitu, kila mtu hupanda na kushuka"

Nusu ya kwanza ya dai hili ni kweli, na ndiyo maana linadanganya vizuri. Uzito wa mtu mzima mwenye afya huyumba kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache. Chakula kilichomo tumboni, maji aliyokunywa, chumvi aliyokula jana, haja kubwa aliyoikosa, viatu alivyosahau kuvua, vyote vinaingia kwenye mizani. Mtu akipungua kilo moja na nusu kati ya ziara mbili, hakuna daktari mwenye busara atakayemtisha.

Sasa tazama jinsi kadi ya mzee wetu inavyosomwa kwa kawaida. Muuguzi wa Aprili anaangalia Januari: kilo 1.5 zimepotea, asilimia 2.1. Ni kidogo. Muuguzi wa Julai anaangalia Aprili: kilo 1.7, asilimia 2.4. Ni kidogo pia. Wa Oktoba anaangalia Julai: kilo 1.8, asilimia 2.7. Watu watatu wamesoma kadi, kila mmoja ameona badiliko dogo, na kila mmoja yuko sahihi kwa kipande alichokisoma. Lakini toka Januari hadi Oktoba mzee amepoteza kilo 5 kati ya 71, yaani asilimia 7. Kiwango cha tahadhari kimevukwa na hakuna aliyekiona kikivukwa.

Kosa liko kwenye uzito wanaolinganisha nao. Uzito wa kawaida wa mtu ni ule aliokuwa nao alipokuwa mzima, kabla ya safari ya kushuka kuanza. Ukiusogeza kila miezi mitatu, kila mara unamlinganisha mgonjwa na mgonjwa. Kuna ishara nyingine inayoonekana kwa jicho kwenye kadi hiyo kabla ya hesabu yoyote: namba zote zinaelekea upande mmoja. Uzito unaoyumba wa mtu mzima hupanda na kushuka. Uzito unaoshuka mara tatu mfululizo, tena kila mara kidogo zaidi ya mara iliyopita, umeacha kuyumba.

Kuna pia kosa dogo la hesabu lililozoeleka, la kugawanya kwa uzito wa leo badala ya wa zamani. Kwa mzee huyu lingetoa asilimia 7.6 badala ya 7. Hapa halibadilishi uamuzi, lakini kwa mtu aliye karibu na mpaka linaweza kubadilisha.

Na mbona tusihesabu kilo tu? Kwa sababu kilo hazina uzito uleule kwa kila mwili. Msichana wa kilo 46 akipoteza kilo 3.5 amepoteza asilimia 7.6 ya mwili wake. Mwanamume wa kilo 95 akipoteza kilo hizohizo amepoteza asilimia 3.7. Anayesema "tuna wasiwasi na yeyote aliyepungua kilo tano" atachelewa sana kwa msichana yule, na sehemu kubwa ya wagonjwa wa kliniki zetu, hasa wanawake wa vijijini na wagonjwa wa kifua, wana miili midogo kama wake.

Wengine hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, na kumwambia mgonjwa kuwa yuko "kwenye kijani". Mzee wetu Januari alikuwa na uwiano wa 25.2, unaohesabiwa kuwa juu kidogo ya kawaida. Oktoba ana 23.4, ndani ya kawaida. Kwa kipimo hicho mzee ameboreka! Uwiano unaeleza mahali mtu aliposimama leo. Hauna habari ya mahali alipotoka, na habari hiyo ndiyo tunayoitaka.

"Hajafika asilimia tano, kwa hiyo yuko salama"

Dai hili hutoka kwa watu waliosoma, na linanisumbua kuliko yote, kwa sababu linageuza kanuni nzuri kuwa kisingizio. Ili kuona kasoro yake inafaa kujua mpaka huo ulikotoka.

Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Cleveland, Marekani, aliyeitwa Hiram Studley, alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Aliwagawa kwa kiasi cha uzito walichopoteza kabla ya kisu. Waliokuwa wamepoteza asilimia 20 au zaidi, mmoja kati ya watatu alikufa. Waliokuwa wamepoteza chini ya hapo, waliokufa walikuwa kama asilimia 3.5 tu. Umri, ufundi wa mpasuaji na aina ya ganzi havikuweza kueleza tofauti hiyo kubwa. Tangu hapo asilimia ya uzito uliopotea ikawa kitu cha kuandikwa.

Lakini asilimia 20 ni mwili ulioisha. Madaktari wa tiba walihitaji mpaka wa mapema zaidi, unaomkamata mtu angali anatembea. Mwaka 1981 Marton na wenzake, nao wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 91 waliokonda bila kukusudia, wakitumia asilimia 5 ndani ya miezi 6 kama mlango wa kuingilia. Robo yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1995 Wallace na wenzake huko Seattle waliwafuatilia wanaume 247 wa miaka 65 na kuendelea, wakauliza swali la moja kwa moja: ni kiasi gani cha kupungua kwa mwaka kinachotenganisha vizuri zaidi watakaokuwa hatarini na wengine? Jibu lilikuwa asilimia 4. Katika miaka miwili iliyofuata, wazee waliopungua kiasi hicho bila kukusudia walikufa asilimia 28, na wasiopungua asilimia 11.

Kwa hiyo mpaka wa asilimia 5 umetokana na uamuzi wa watu waliopima makundi ya wagonjwa na kuchagua mahali penye faida. Ukiushusha hadi asilimia 2 utawachunguza maelfu ambao uzito wao unayumba tu. Ukiupandisha hadi 10 utawapata wengi wakiwa wamechelewa. Hakuna kitu kinachotokea mwilini kati ya asilimia 4.9 na 5.1.

Rudi kwenye kadi. Julai mzee alikuwa na kilo 67.8, yaani amepoteza kilo 3.2, asilimia 4.5 kwa miezi sita. Anayeuchukua mpaka kama ukuta angesema hajafika, arudi Oktoba. Anayejua historia yake angekumbuka kwamba kwa mzee wa umri huu hata asilimia 4 kwa mwaka imeonyeshwa kuwa na maana, na mzee ameshaipita kwa nusu ya muda huo. Angeuliza maswali Julai, na kwa uchache angemwita arudi baada ya wiki nne, si miezi mitatu.

Mwendo wa kupungua una uzito zaidi kuliko namba yenyewe. Asilimia 5 kwa mwezi mmoja ni jambo zito kuliko asilimia 5 kwa mwaka. Mahali mtu alipoanzia napo pana uzito. Wataalamu walipokubaliana mwaka 2011 namna ya kutambua mwili unaoliwa na saratani, waliweka asilimia 5 kwa miezi 6 kwa watu wengi, lakini kwa mgonjwa aliyekuwa mwembamba tayari, mwenye uwiano chini ya 20, waliona asilimia 2 inatosha. Na kwa mtu anayeishi na VVU, maswali ya Shirika la Afya Duniani ya kumchuja kwa kifua kikuu ni manne: ana kikohozi, ana homa, anatoka jasho usiku, amepungua uzito? Hakuna asilimia hapo. Akijibu ndiyo kwa mojawapo, anachunguzwa.

"Kupungua kukubwa ni asilimia kumi"

Hili ni tawi la dai lililopita, lakini lina mzizi wake hapa kwetu. Wahudumu wengi wamejifunza namba 10 kutoka kwenye fomu za kliniki za VVU. Katika hatua za ugonjwa zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani, kupungua chini ya asilimia 10 bila sababu inayojulikana kunamweka mtu hatua ya pili, na kuzidi asilimia 10 kunamweka hatua ya tatu. Ni vipimo vya kupanga ukubwa wa ugonjwa kwa mtu ambaye maambukizi yake yameshajulikana. Havikuwekwa ili mtu asiyejulikana anaumwa nini asubiri mpaka avifikie. Mzee wetu angefikia asilimia 10 akiwa na kilo 63.9. Kwa mwendo wake huo, hiyo ni Januari au Februari inayofuata, miezi mitatu au minne ya ugonjwa usio na jina.

"Aliyekonda hivyo, tunajua anachoumwa"

Dai hili halisemwi kliniki, linasemwa barazani na kwenye daladala. Lina historia ya uchungu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walipoeleza ugonjwa mpya walioukuta Rakai, waliuandika kwa jina ambalo wananchi walikuwa wameupa kutokana na wembamba wa wagonjwa: "slimu". Ng'ambo ya mpaka, Kagera, watu waliuita Juliana. Kwa miaka mingi kabla ya dawa, kukonda kulikuwa tangazo la kifo, na jirani alipata kuhukumu kwa kutazama mashavu.

Leo hukumu hiyo inakosea pande zote mbili. Watu wengi wanaoishi na VVU wanameza dawa kila siku na wana miili iliyojaa. Baadhi yao shida yao na uzito ni kuongezeka. Na waliokonda wana orodha ndefu ya sababu nyingine: kifua kikuu, kisukari, saratani, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, vidonda vya tumbo, moyo uliochoka, meno yaliyooza, sonona, na dawa zenyewe, kwa mfano metformini kwa baadhi ya watu. Kipimo cha VVU kinabaki kuwa cha lazima katika uchunguzi wa aliyekonda, hilo sipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuishia hapo. Nimeona familia zikishukuru Mungu kwa majibu hasi na kurudi nyumbani, mgonjwa akiendelea kuyeyuka, kana kwamba swali lilikuwa moja tu.

Madhara ya hukumu hii ni makubwa kuliko aibu. Mtu anayejua macho ya watu yanamaanisha nini huanza kuvaa nguo mbili mbili, huahirisha kliniki, husema amefunga, amejinyima sukari, amechoka na kazi. Anamnyima daktari neno muhimu kuliko yote katika kanuni yetu: kama kupungua kulikusudiwa au la.

"Kwa mtu mnene, kupungua ni heri"

Chukua mama wa miaka 52, urefu mita 1.58, aliyekuwa na kilo 94 na sasa ana 85. Uwiano wake ulikuwa karibu 38 na sasa ni 34. Bado ni mnene kwa kitabu chochote. Majirani wanampongeza, shemeji zake wanamuuliza siri, na daktari wa presha naye anaandika "aendelee hivyohivyo". Amepoteza kilo 9 kati ya 94, asilimia 9.6, ndani ya miezi mitano.

Kuanzia na mwili mnene hakuifuti asilimia hiyo. Mwili mnene una akiba, kwa hiyo unaweza kupoteza mengi kabla mifupa haijaonekana, na ndiyo sababu mtu mnene anaweza kuchelewa kuliko mwembamba. Jicho halimsaidii, hesabu ndiyo inamsaidia. Kinachotakiwa ni kumuuliza vizuri. "Dada, umejinyima?" haitoshi, maana wengi hujibu ndiyo kwa heshima, au kwa sababu kweli wanakula kidogo. Uliza umebadilisha nini, tangu lini, na kwa nini. Mama huyu, akiulizwa hivyo, anasema ameacha ugali tangu mwezi wa nne, sasa anakunywa uji na supu. Kwa nini ameacha? Ugali ulikuwa unakwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Kisha nyama ikaanza kukwama nayo.

Hapo ndipo mlo wa kupunguza mwili unapotengana na ugonjwa wa koo la chakula. Upande wa mashariki wa Afrika, toka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtu ambaye chakula kigumu kinamkwama, tena kwa kuzidi, anahitaji kuingiziwa kamera ndani ya umio bila kusubiri asilimia yoyote. Mama huyu alikuwa na dalili mbili, kukwama kwa chakula na kukonda, akaishia kupongezwa.

Kukusudia kuna vipimo vyake. Aliyeamua kupungua anaweza kukueleza alichoacha na alichoanza, na akilegea uzito husimama au hurudi. Asiyekusudia huendelea kushuka hata akila biriani ya harusi. Mfungo wa Ramadhani nao huchanganya mahesabu pwani: wastani wa anayefunga hupungua kilo moja hivi, na nyingi hurudi wiki chache baada ya Idi. Kwa hiyo uzito wa mwisho wa Ramadhani usiwe msingi wa kulinganisha, na aliyepungua kilo sita mwezi huo asiambiwe kuwa ni saumu.

"Mbona anakula vizuri? Ni uzee tu"

Uzee hupunguza uzito, lakini polepole sana. Mtu mwenye afya aliyepita miaka 70 hupoteza kiasi cha gramu 100 hadi 200 kwa mwaka. Mzee wetu amepoteza kilo 5 kwa miezi tisa. Uzee hauwezi kubeba mzigo huo.

Na kula vizuri hakumwondoi mtu kwenye shaka; kunaelekeza shaka mahali pengine. Mtu aliyepoteza hamu ya kula na mtu anayekula sana huku akikonda wana magonjwa tofauti. Kundi la pili ni dogo na linajulikana: kisukari, tezi ya shingo iliyozidi, na utumbo usiofyonza chakula. Oktoba afisa tabibu alimuuliza mzee swali ambalo halikuwa limeulizwa mwaka mzima.

"Shikamoo mzee. Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

"Marahaba, mwanangu. Mara nne, tano. Nafikiri ni hizi dawa za presha. Na kiu hainiishi."

Sukari yake kabla ya kula ilikuwa milimoli 14 kwa lita. Ikiwa ni hivyo siku zote, sukari inamwagika kwenye mkojo. Gramu 100 zikipotea hivyo kwa siku, ni kalori kama 400, sahani nzima ya wali mweupe inayotoka bila kutumika. Mwili unaokosa nishati huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake, na mzee anakonda huku sahani yake ikirudi jikoni tupu.

Wengi wangefunga jalada hapa: sababu imepatikana, aanze dawa. Mimi nasema kazi imebaki nusu. Kwanza, mwenye kisukari ana hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya mwingine, na kifua kikuu nacho kinakondesha, kwa hiyo picha ya kifua na makohozi, kama anayo, vinastahili kufanywa hata kama hakohoi sana. Pili, kisukari kinachojitokeza kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyepita miaka 60 pamoja na kukonda kinaweza kuwa ishara ya saratani ya kongosho. Mwongozo wa Uingereza wa kutambua saratani unawaambia madaktari wafikirie kumpiga mtu kama huyo picha ya sitii skani haraka, au ultrasaundi pale ambapo skani haipatikani.

Mahali ambapo skani iko mbali na ghali, mizani yenyewe inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Sukari ya mzee ikishuka kwa dawa, uzito unapaswa kusimama ndani ya wiki chache na kuanza kurudi. Ukirudi, maelezo ya kisukari yametosha. Sukari ikiwa nzuri na uzito ukaendelea kushuka, kisukari hakielezi kukonda huku, na safari ya hospitali ya mkoa haisubiri. Maumivu ya mgongo, manjano machoni au kutapika vikionekana wakati wowote, haisubiri hata wiki hizo.

"Mizani inaonyesha hajapungua"

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mgonjwa wa ini mwenye lita nane za maji tumboni anaweza kusimama kwenye mizani na kusoma kilo zilezile za mwaka jana huku mwili wake, nyama na mafuta, umepungua kilo nane. Kwenye vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako kichocho kimeharibu maini ya wengi, na popote penye homa ya ini ya aina ya B, hili si jambo la nadra. Moyo na figo zilizoshindwa hufanya vilevile kwenye miguu. Kwa hiyo kabla ya kuamini mizani, bonyeza kifundo cha mguu, tazama tumbo, kisha tazama mahali ambapo maji hayakai: mikono ya juu, mabega, mashimo ya pembeni mwa paji la uso. Tumbo kubwa juu ya mikono myembamba ni kukonda, namba isome itakavyosoma.

"Hatujui alikuwa na kilo ngapi, basi hatuwezi kujua"

Ni kweli kwamba kumbukumbu za watu hukosea. Katika uchunguzi uleule wa 1981, madai mengi ya kukonda hayakuthibitika yalipofuatiliwa, karibu nusu. Kwa hiyo neno la mgonjwa pekee halitoshi, lakini pia halitupwi. Pale ambapo hakuna kadi, madaktari huangalia mambo matatu: nguo zimekuwa kubwa, ndugu au rafiki anathibitisha, na mgonjwa anaweza kutaja kwa namba amepungua kiasi gani. Yakipatikana mawili, huchukuliwa kuwa amepungua kweli. Kwa wanaume matundu ya mkanda husema haraka. Kwa mama anayevaa kanga na buibui nguo haisemi chochote, kwa hiyo uliza bangili, pete, na blauzi alizoshonewa kwa vipimo. Kitambulisho chenye picha nacho kina tarehe.

"Vipimo vyote vizuri, basi hana kitu"

Kwa aliyevuka mpaka, vipimo vya mwanzo havihitaji hospitali kubwa: sukari, VVU, wingi wa damu, kasi ya kutuama kwa chembe za damu, figo, ini, tezi ya shingo pale inapopimika, mkojo, choo, makohozi na picha ya kifua. Ongeza ultrasaundi ya tumbo, na kinywa kitazamwe, maana meno matatu yaliyooza yanaweza kueleza kilo nne. Ongeza pia maswali ya huzuni na usingizi, yakiulizwa faraghani.

Katika kundi la Marton, kama mgonjwa mmoja kati ya wanne hakupatikana na sababu. Kwa hao, kuongeza vipimo bila dalili ya kuvielekeza huleta gharama na majibu ya kubabaisha. Kinachosaidia ni kurudia mizani ileile, bila viatu, saa zinazofanana, kila mwezi kwa miezi mitatu hadi sita, na kumuuliza upya kila mara. Kwenye kadi iandikwe juu, kwa wino unaoonekana, uzito wa kawaida na mwezi wake, ili atakayepima Januari asilinganishe na Oktoba.